Ncha ya Mshale Imegusa Wapi? Namna ya Kujibu Mchoro wa Seli ya Kitunguu

Umekaa, karatasi ya kwizi iko mbele yako, kalamu mkononi. Usiandike kitu kwanza. Juu ya karatasi pana mchoro mrefu wa pembe nne, kama tofali lililolazwa, na kichwa chake kinasema: "Seli ya ngozi ya tabaka la kitunguu maji". Mishale sita imetoka nje na kuingia ndani ya mchoro, kila mmoja na herufi yake, A hadi F. Chini yake yapo maswali matatu. La kwanza linataka majina ya sehemu zote sita. La pili linataka ueleze kazi ya A, B, E na F. La tatu linauliza kama hii ni seli ya mmea au ya mnyama, na linataka sababu mbili.

Kwizi hii mimi huwapa vijana wa kidato cha kwanza na cha pili wanaokuja kwangu twisheni jioni hapa Micheweni. Nimesahihisha nyingi, na nimeona kwamba wanaokosa si wale wasiojua majina. Ukiwauliza majina kwa mdomo wanayataja yote, mengine hata kwa wimbo. Wanakosa kwa sababu wanaangalia herufi, wanakumbuka mchoro wa kitabuni, kisha wanaandika majina kwa mpangilio wa kile kitabu. Mchoro ulio mbele yao hawajautazama. Baiolojia ya sekondari inatahiniwa kwa Kiingereza na majina utayaandika kwa Kiingereza, lakini kuangalia na kufikiri unaweza kufanya kwa Kiswahili, na hapa ndipo alama zinapopotea.

Anza na kichwa cha mchoro. Watu wengi hukiruka kana kwamba ni pambo. Hiki kimekwambia mambo mawili makubwa kabla hujagusa mshale hata mmoja. Kimekwambia kwamba seli ni ya kitunguu, basi swali la tatu limeshajibiwa nusu. Na kimekwambia imetoka sehemu gani ya kitunguu: kwenye ngozi ya tabaka, yaani yale matabaka manene yenye maji unayoyakata kwa kachumbari. Hilo la pili litakuokoa utakapofika kwenye mshale F, kwa hiyo liweke akilini.

Mstari au nafasi

Sasa weka ncha ya penseli yako juu ya herufi A na ufuate mshale mpaka unapoishia. Usiandike mpaka umejibu swali moja: ncha hii imesimama juu ya mstari, au imesimama ndani ya nafasi iliyo wazi? Kila jibu katika mchoro wa seli linaanzia hapo. Mstari katika mchoro huwa ni kitu chembamba kinachozunguka au kutenganisha, kama ukuta au utando. Nafasi huwa ni kitu kilichojaa humo, kama saitoplazimu au utomvu wa seli.

Katika mchoro wetu, ncha ya A imegusa mstari wa nje kabisa, ulio mnene. Ncha ya B imepita mstari huo na kugusa mstari mwingine mwembamba ulioufuata kwa ndani, karibu mno. Hapa ndipo pana mtego mkubwa kuliko yote. Kwa seli ya mmea, mstari wa nje ni ukuta wa seli, na wa ndani yake ni utando wa seli. Kwa seli ya mnyama hakuna ukuta, na mstari wa nje kabisa ndio utando. Kijana aliyezoea kuchora seli ya shavu huona mstari wa nje, akaandika "utando", kisha akifika B anababaika. Sema moyoni: ni kitunguu, kwa hiyo wa nje ni ukuta, wa pili ni utando. A ni ukuta wa seli, B ni utando wa seli.

Wengine, wakiona A na B ziko karibu, huandika majina yote mawili pamoja, "ukuta au utando", wakitumaini msahihishaji atachagua lililo sawa. Hatachagua. Umeulizwa jina moja. Ukitoa mawili yanayopingana umeonyesha kwamba hujui ni lipi. Chagua.

Kuna jambo linalofaa kulijua kuhusu mistari hii miwili, maana linakuja kwenye maswali ya juu zaidi. Katika uhalisia huwezi kuona utando kwa hadubini ya skuli. Unene wake ni kama nanomita 8, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ukikuza mara 400, ambayo ndiyo nguvu kubwa ya hadubini nyingi za skuli, utando huo utakuwa na upana wa milimita 0.0032, yaani mwembamba zaidi ya mara 20 kuliko unywele wa kichwani. Juu ya hayo, katika seli yenye afya utando umebanwa kwenye ukuta, haujaachana nao hata kidogo. Mchoraji ametenganisha mistari miwili ili mshale upate mahali pa kugusa. Usishangae basi siku utakapotazama kitunguu kwa macho yako ukaona mstari mmoja tu. Lakini ipo njia ya kuutenganisha utando na ukuta kweli kweli, kwa tone la maji ya bahari, na nitakuonyesha mwishoni.

Endelea na C. Ncha yake haikugusa mstari wowote. Imesimama kwenye ukanda mwembamba wa nafasi kati ya utando na mstari mwingine wa ndani unaozunguka sehemu kubwa ya katikati. Ukanda huo una vidoto vidogo. Hiyo ni saitoplazimu. E imesimama katikati kabisa, katika ile nafasi kubwa isiyo na vidoto. Hiyo ni vakuoli. Ukichanganya hizi mbili hutakuwa wa kwanza, kwa sababu katika seli ya mnyama nafasi kubwa ya katikati ni saitoplazimu, na jicho limezoea hivyo. Katika seli ya kitunguu iliyokomaa, vakuoli imejaza karibu seli nzima na kuisukuma saitoplazimu pembeni mpaka imebaki kama utepe unaopita kando ya ukuta. Angalia mstari unaoizunguka nafasi. Nafasi iliyo ndani ya mstari wake wenyewe ni vakuoli. Nafasi iliyo nje ya mstari huo lakini ndani ya utando wa seli ni saitoplazimu.

Na ule mstari wenyewe unaozunguka vakuoli? Nao ni utando, unaitwa tonoplasti. Siku mshale ukigusa mstari huo badala ya kuingia ndani, jibu si vakuoli tena, ni tonoplasti. Ndiyo maana ninasisitiza ncha. Milimita mbili za mshale zinabadilisha jibu.

D imegusa umbo la duara lililo ubavuni, ndani ya utepe wa saitoplazimu, lenye doa jeusi katikati. Ni kiini. Tazama pia kwamba hakielei katikati ya vakuoli. Kiini huwa ndani ya saitoplazimu daima, na hapa kimesukumwa pembeni pamoja nayo. Mchoro wako mwenyewe ukionyesha kiini kinaogelea katikati ya vakuoli, umekosea hata kama jina umeliandika sawa. Mshale ukipenya mpaka kwenye lile doa jeusi, wanataka nukleolasi, yaani kiini kidogo kilicho ndani ya kiini.

Mshale F, na kwa nini si kloroplasti

F imegusa kitu kidogo kama punje ya kunde, kilicho katika saitoplazimu. Kwenye karatasi nilizosahihisha, hapa ndipo wengi huandika "kloroplasti" bila kusita. Ukiwauliza kwa nini, wanasema: "Maalim, si seli ya mmea hii?" Ni ya mmea, ndiyo. Lakini rudi kwenye kichwa. Ni tabaka la kitunguu, kile kinachokaa ardhini gizani. Umewahi kukata kitunguu ukakuta tabaka la ndani ni la kijani kama jani? Kloroplasti ina klorofili, na klorofili ndiyo inayolifanya jani liwe kijani. Seli ambayo haipati mwanga na haitengenezi chakula haina haja nayo. Seli za mizizi ni hivyo hivyo.

Uthibitisho wa pili uko ndani ya ile punje. Itazame vizuri. Ukiona mstari wa ndani umejikunjakunja kutoka pembeni, kama pindo la kanga lililokusanywa, hiyo ni mitokondria. Ukiona mafungu ya vitu bapa vilivyopangwa kama sarafu zilizorundikwa, hiyo ni kloroplasti. Zote mbili zimezungukwa na utando wa mara mbili, kwa hiyo mistari miwili ya nje haikusaidii kuzitofautisha. Kinachosaidia ni kilichomo ndani. Kloroplasti pia huwa kubwa zaidi kwa kawaida. Katika mchoro wetu ndani yake mmekunjwakunjwa. F ni mitokondria.

Mwanafunzi makini ataniuliza hapo: mbona mikunjo ya mitokondria haionekani kwa hadubini ya skuli, na mchoro unaonyesha? Ni swali zuri. Hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu kuliko nanomita 200 hivi, na mikunjo hiyo ni myembamba kuliko hapo. Iligunduliwa kwa hadubini ya elektroni. Mchoro wa kwizi umechanganya: mipaka mikubwa ni ile unayoiona wewe, na undani wa punje ni ule unaojulikana kwa elektroni. Walimu tunafanya hivyo mara nyingi. Ukiona mchoro una ribosomu, ambazo zina nanomita 20 hadi 30 tu, ujue mchoro huo ni wa hadubini ya elektroni, na utarajie kuulizwa mambo ya undani.

Majina sita yametimia. Neno moja kuhusu tahajia. Ukitaja mitokondria moja kwa Kiingereza, mwisho wa neno hubadilika. Wingi na umoja haviandikwi sawa. Mshale mmoja umegusa kimoja, kwa hiyo andika umoja. Jifunze maneno yote mawili kwa kuyaandika, maana ukiyasikia tu utayachanganya.

Na karatasi ikiwa imetolewa fotokopi mpaka ncha za mishale zimefifia? Andika kwanza zile ambazo huna shaka nazo, kisha uone majina gani yamebaki na nafasi gani zimebaki. Mtungaji haulizi kitu kile kile mara mbili, kwa hiyo A ikiwa ni ukuta kwa yakini, B haiwezi kuwa ukuta tena. Bado ukishindwa, nyanyua mkono umwombe msimamizi akuonyeshe mshale umegusa wapi. Hiyo si kuomba jibu.

Kueleza kazi

Swali la pili lina alama nyingi zaidi na ndilo linaloandikwa kwa haraka zaidi. Nitachukua majibu ninayoyaona mara kwa mara nikueleze yanapungukiwa nini.

Kwa A wengi huandika: "Ukuta hulinda seli." Si uongo, lakini ngozi hulinda, fuvu hulinda, ganda la yai hulinda. Jibu hilo halijasema lolote kuhusu ukuta wa seli. Sema umetengenezwa na nini na hilo linasababisha nini: ukuta umetengenezwa na selulosi, ni mgumu, kwa hiyo unaipa seli umbo lake na kuizuia isipasuke inapojaa maji. Umeona lile tofali kwenye mchoro? Umbo hilo ni la ukuta. Hapa kwetu tuna mfano ambao huwezi kuusahau. Wazazi wetu wanaolima mwani, spinosamu na kotonii, wanauza hasa kilicho katika kuta za seli. Karajinani, kile kinachotolewa kwenye mwani ili kufanya vyakula na dawa za meno ziwe nzito, kinakaa katika kuta za seli za mwani na kati ya seli moja na nyingine. Kwa mwani ukuta si selulosi peke yake, lakini kwenye kitunguu andika selulosi.

Kwa B wanaandika: "Utando hulinda seli." Jibu lile lile la ukuta, na msahihishaji anajua kwamba hujui tofauti yake. Tofauti ndiyo anayoitaka. Ukuta hupitisha maji na chumvi iliyoyeyuka bila kubagua, utando huchagua. Andika: utando wa seli hudhibiti vitu vinavyoingia na kutoka katika seli, hupitisha baadhi na kuzuia vingine. Ukitia neno la kuchagua umepata alama.

Kwa E, usiishie kwenye "huhifadhi maji". Vakuoli huhifadhi utomvu wa seli, ambao ni maji yenye sukari, chumvi na wakati mwingine rangi. Na inapojaa husukuma saitoplazimu na utando mpaka vinabana ukuta, seli ikawa ngumu na mmea ukasimama. Hicho ndicho kilichokifanya kitunguu kiwe kigumu mkononi. Ukikikata ukakitia chumvi kwa kachumbari, baada ya muda kinalegea na maji yanajaa sahanini. Maji yale yametoka kwenye vakuoli.

Kwa F, epuka kusema mitokondria "hutengeneza nishati". Nishati haitengenezwi. Nishati ilikuwamo katika glukosi tangu mwanzo. Mitokondria ni mahali ambapo upumuaji wa seli unaotumia oksijeni hufanyika, na nishati iliyo katika chakula hutolewa ikahifadhiwa katika ATP ili seli iitumie. Sentensi moja yenye mambo mawili hayo, mahali na kinachofanyika, inatosha. Na usiandike "hupumua" peke yake, kwa kuwa msahihishaji hatajua kama unazungumzia mapafu.

Umeona basi muundo wa majibu haya. Kila moja limetaja kitu kinachopatikana kwa sehemu hiyo tu, kisha likasema hilo linaisaidia vipi seli hii. Jaribu kulitoa jina kwenye jibu lako umsomee mwenzako. Akiweza kukisia sehemu gani umeizungumzia, jibu limekaa. Asipoweza, bado ni "hulinda".

Swali la tatu lina hatari moja. "Hii si seli ya mmea kwa sababu haina kloroplasti." Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi, tena ikiwa imeandikwa chini ya kichwa kinachosema kitunguu. Kuwa na kloroplasti ni dalili ya mmea. Kutokuwa nayo si dalili ya mnyama. Sababu mbili zenye nguvu hapa ni ukuta wa seli, na vakuoli kubwa moja ya katikati. Umbo la tofali ni dalili tu, usilitumie kama sababu yako kuu, na kiini kilicho pembeni ni matokeo ya vakuoli kubwa, kwa hiyo ukishataja vakuoli hujaongeza jipya.

Ukitakiwa uchore mwenyewe, kumbuka kwamba mistari ya kuonyeshea huchorwa kwa rula, haina vichwa vya mshale, haikatani, na mwisho wake unagusa sehemu inayotajwa. Usitie vivuli. Na wakikutaka ukuzaji, gawanya urefu wa mchoro kwa urefu wa kitu halisi, vyote kwa kipimo kimoja. Mchoro wenye urefu wa sentimita 10 ni milimita 100. Seli ya kitunguu ikiwa na urefu wa milimita 0.25, basi 100 ÷ 0.25 = 400, na unaandika ×400. Kosa la kawaida ni kugawanya sentimita kwa milimita, na jibu likaja 40.

Tone la maji ya bahari

Sasa lile nililokuahidi. Kuna mchoro wa pili unaopenda kuja baada ya ule wa kwanza. Ni seli ile ile ya tofali, lakini utando umejiondoa kwenye ukuta na kukusanyika katikati kama donge. Mshale G umesimama katika ile nafasi iliyoachwa kati ya ukuta na utando. Swali: nini kimo katika nafasi hiyo?

Majibu ninayopata ni "saitoplazimu", "hewa", na "hakuna kitu". Ukikifanya kitendo hiki mara moja kwa mkono wako hutaandika hata moja kati ya hayo.

Chukua kitunguu maji chekundu, kile cha zambarau kinachouzwa sokoni. Kikate vipande vinne, ng'oa tabaka moja nene. Tabaka lina upande uliobinuka nje, ambao ndio wenye rangi, na upande uliobonyea, ambao kwa kawaida hauna. Kwa wembe, chora mraba wa milimita 5 hivi kwenye upande wenye rangi, usikate kwa kina. Bandua ngozi ya mraba huo kwa kibano; inatoka nyembamba kama karatasi ya nailoni. Iweke juu ya kioo cha slaidi katika tone la maji baridi, ikunjue isiwe na mkunjo, kisha ifunike kwa kile kioo chembamba kwa kukilaza kutoka upande mmoja polepole. Ukikidondosha kwa mara moja, hewa itanaswa chini yake. Povu la hewa lina mzunguko kamili na ukingo mweusi mzito, na nimeona vijana wakilichora kwa makini wakaliita kiini.

Tazama kwanza kwa lenzi ya chini, kisha panda. Lenzi ya jicho ya 10 na lenzi ya chini ya 10 zinakupa mara 100, na hiyo inatosha. Utaona matofali, kila moja limejaa zambarau kutoka ukuta mpaka ukuta. Rangi hiyo imo katika utomvu wa vakuoli. Kwa hiyo umeona kwa macho E ilivyojaza seli, na umeona kwa nini C ni utepe tu.

Halafu tone la maji ya bahari. Hapa Micheweni huhitaji kwenda mbali kuyapata. Yana chumvi kama gramu 35 kwa lita moja. Aliye mbali na pwani anaweza kukoroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika glasi ya maji. Dondosha tone kwenye ukingo mmoja wa kile kioo chembamba, na kwenye ukingo wa pili gusisha karatasi ya tishu ili ivute maji ya zamani na kuyaacha ya bahari yapite juu ya ngozi. Kisha usiondoe jicho. Ndani ya dakika chache zambarau inaanza kujiondoa kwenye pembe za matofali. Inajikunja, inakuwa nzito zaidi, inakuwa donge. Ukuta umebaki pale pale na umbo lake la tofali.

Kilichotokea ni osmosisi. Maji ya bahari yana chumvi nyingi kuliko utomvu wa seli, kwa hiyo maji yametoka katika vakuoli kupitia utando kwenda nje. Vakuoli imepungua, na utando umeifuata, ukaachana na ukuta. Hali hiyo huitwa plasmolisisi. Sasa umeutambua utando ulipo, ingawa wenyewe hauonekani: ni ukingo wa lile donge la zambarau. A na B zimeachana mbele yako.

Rudi kwenye mshale G. Saitoplazimu haiwezi kuwa hapo, imo ndani ya utando pamoja na donge. Hewa haiwezi kuwa hapo, kila kitu kimezama katika maji. Ukuta unapitisha maji na chumvi bila kubagua, basi kile kilichokuwa nje ya ukuta kimeingia mpaka kwenye utando. Jibu ni maji ya chumvi yale yale uliyoyaongeza. Andika pia sababu, kwamba ukuta wa seli hupitisha myeyusho huo na utando hauupitishi kwa urahisi, na umemaliza swali zima kwa mstari mmoja.

Bado ngozi yako iko kwenye slaidi. Vuta maji ya bahari kwa tishu, weka maji ya mvua kwa upande mwingine. Donge litatanuka mpaka lijaze tofali tena na kugusa ukuta, na hapo litasimama. Ukuta hauliachii lipite. Seli nyekundu ya damu, ambayo haina ukuta, ikitiwa katika maji matupu hujaa mpaka inapasuka. Ukiulizwa tena kazi ya A, jibu lako lipo kwenye tofauti hiyo.

Kuna ngozi ambazo hazitarudi. Ukiiacha kwenye chumvi kwa muda mrefu, au ukiipasha moto, utaona zambarau imetoka nje ya donge na kusambaa katika maji yote. Utando umekufa na hauchagui tena. Ndicho kinachotokea kitunguu chekundu kinapochemshwa na mchuzi ukachukua rangi yake. Ukiona hivyo kwenye slaidi yako, usilichore donge lile kama plasmolisisi. Bandua ngozi nyingine uanze upya, na safari hii weka maji ya mvua mapema kidogo.